Mwanangu wa miaka 8 anachukua vitu vya wenzake, kisha ananidanganya macho makavu

#1 MamaWatatu

Habari zenu wanajukwaa. Nimeusoma huu ukumbi kimyakimya muda mrefu, leo nimezidiwa.

Nina kijana wa kiume, miaka 8, darasa la tatu, wa kati kwa watatu. Tangu muhula uliopita nakuta kwenye begi lake vitu nisivyomnunulia. Alianza na vifutio, kikaja kichongeo, zikafuata kalamu za rangi. Nikiuliza, jibu ni "nimeokota" au "nimepewa". Nikapuuza. Halafu chenji zikaanza kupungua kwenye pochi yangu.

Juzi mwalimu wa darasa kanipigia, kuna mtoto amepoteza kalamu inayowaka taa. Hiyo kalamu nilikuwa nimeiona jana yake usiku, nimeishika kwa mkono wangu nikidhani ni ya dada yake. Aliporudi nikamuuliza, "Umechukua kalamu ya mwenzako?" Akaniangalia usoni, "Hapana mama." Nikarudia. Hapana. Mara ya tatu akaapa kabisa. Nikamimina begi, kalamu ikaanguka sakafuni na taa yake inawaka. Unajua alisema nini? "Sijui imefikaje humo."

Kalamu haikuniuma. Kiapo ndicho kilichoniuma. Baba yake alimchapa, na mimi kwa hasira nikamwita mwizi mbele ya ndugu zake. Siku nne hazijaisha nikakuta rula ya mtu.

Hakosi kitu nyumbani. Na kinachonichanganya zaidi, hivi vitu havitumii. Nikiviona leo, kesho kutwa havipo. Naomba msaada kabla sijaharibu zaidi.

#2 Fimbo_Fupi

Samaki mkunje angali mbichi. Mimi niliiba mara moja tu, mzee akanishughulikia, nimeacha mpaka leo nina mvi. Hizi saikolojia ndizo zinazotuharibia watoto.

#3 Kipanga74

Mkuu, uliacha kuiba au uliacha kukamatwa? Nauliza tu 😂

#4 Shangazi_K

Pole mdogo wangu. Hapo weka kufuli kabatini na pochi ulale nayo chini ya mto. Na umchunguze vizuri huyo dada wa kazi, chenji haziondoki zenyewe, wanajua sana kuwasingizia watoto.

#5 MamaWatatu

Shangazi, sina dada wa kazi. Ni mtoto wangu mwenyewe 🙈

#6 MwlChaki

Mama, pole. Nimefundisha madarasa ya chini miaka 19, na hii ya mwisho nane nimekuwa pia mwalimu wa malezi na unasihi shuleni. Watoto wa namna hii nimekaa nao wengi. Sitakupa ushauri leo, kwa sababu bado hatujui anachokitafuta.

Umeandika jambo moja ukalipita haraka, na mimi ndilo nimeling'ang'ania: vitu havitumii, na baada ya siku mbili havipo. Mtoto anayeiba kalamu kwa kuipenda huchora nayo mpaka wino uishe. Wako anaipitisha tu mikononi. Inakwenda wapi?

Nakuomba wiki mbili. Chukua daftari, usimwonyeshe. Kila tukio andika siku gani, kitu gani, na kitu hicho kimeishia wapi. Halafu nusu mbili ambazo wazazi wengi huzisahau: nini kilitokea *kabla*, tuseme siku ile au jana yake, na alipata nini *baada*. Sio adhabu uliyompa wewe. Namaanisha yeye alipata nini kabla hajakamatwa. Muulize mwalimu wake vilevile, hasa kuhusu mapumziko, maana darasani kuna macho ya mtu mzima na kiwanjani hakuna.

Katika wiki hizo mbili acha jambo moja tu: usimuulize swali ambalo jibu lake unalo. Ile kalamu ulikuwa umeshaiona. Ulipomuuliza mara tatu, hukuwa unatafuta habari. Ulimfungulia mlango wa uongo mara tatu naye akapita mara tatu, na kila alipopita ikawa vigumu zaidi kurudi nyuma. Kosa lilikuwa moja, la kalamu. Mlipomaliza yakawa manne.

#7 Kipanga74

Dah. Hiyo ya kuuliza unachokijua nimeifanya jana usiku kwa binti yangu. "Umepiga mswaki?" na mswaki nimeushika mkononi, mkavu.

#8 Dadazuu

Naomba kuongeza langu. Nilimlea mtoto wa marehemu dada yangu, alikuja kwangu ana miaka 7. Alikuwa anachukua vitu vyangu tu. Kitana, kitambaa cha kichwa, ufunguo, kopo tupu la mafuta. Nikavikuta vyote chini ya godoro vimepangwa. Mume wangu alisema tumeleta mwizi ndani. Lakini hakuwahi kugusa kitu cha mtu mwingine, ni vyangu pekee, na hasa nikisafiri. Sikumwambia kitu, nikampa kitambaa kimoja nikamwambia hiki ni chako, nikisafiri nitunzie. Haikuisha siku hiyo, ila ilipungua na baada ya miezi ikakoma. Kwa hiyo MamaWatatu, huenda wako naye anakukosa wewe. Yeye si wa kati? Wa kati husahaulika.

#9 MwlChaki

Dadazuu umenikumbusha Donald Winnicott, yule daktari wa watoto wa Uingereza. Mwaka 1956 aliandika kwamba mtoto wa namna ya wako hatafuti kile kitu anachokichukua, anamtafuta mtu ambaye ana haki naye. Na akaona wizi ule kama dalili ya tumaini: mtoto bado anaamini kuna wa kumdai. Kopo tupu la mafuta linasema yote.

Ila tusimvalishe mtoto wa MamaWatatu nguo ya mtoto mwingine. Wako alificha vya mtu mmoja akavitunza. Huyu anachukua vya wengi na havikai. Tusubiri daftari.

#10 HojaTu

Watu wa fimbo wasome hapa. Mwaka 2011 Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti uliofanyika Afrika Magharibi kwenye shule mbili. Moja walikuwa wanachapa, nyingine hawachapi. Watoto waliachwa peke yao na kitu wakaambiwa wasigeuke kukiangalia. Wengi waligeuka, shule zote mbili. Tofauti ikaja walipoulizwa: wa shule ya fimbo waliogeuka walikana karibu wote, wa shule nyingine walikana zaidi kidogo ya nusu. Na wale wa fimbo walikuwa hodari zaidi kuulinda uongo wao wakiulizwa swali la pili.

Kwa hiyo suluhisho ni rahisi: mwambie mtoto kuanzia leo ukisema ukweli hakuna kitakachokupata. Uongo utaisha wiki hiyohiyo.

#11 Fimbo_Fupi

Na wizi je? Achukue, aseme "ndiyo nimechukua", aende kucheza? Hata mimi ningependa mahakama hiyo.

#12 MwlChaki

Leo nampa Fimbo_Fupi haki yake, nusu.

HojaTu, utafiti umeueleza sawasawa, ila watoto wale walikuwa wa miaka 3 na 4, na shule zilikuwa mbili tu. Unatuonyesha kwamba hofu hunoa ulimi. Hautuambii kwamba ukiondoa kila kitu uongo utakoma. Nimewaona wazazi walioahidi "sema ukweli hutafanywa kitu" kisha mtoto akakiri kavunja dirisha la jirani, baba akapandisha. Ahadi hiyo ukiivunja mara moja, haitumiki tena.

Mimi hugawa mambo mawili. Kumuumiza na kumwaibisha, ondoa. Kurudisha na kulipa, acha palepale, aseme ukweli au aseme uongo. Mtoto akijua kwamba kitu kitarudi kwa mwenyewe kwa vyovyote vile, na kwamba hakuna kelele, uongo unakosa kazi ya kufanya. Uongo wa mtoto wa miaka 8 mara nyingi ni ngao. Acha kurusha mawe uone kama ataendelea kuibeba.

#13 Mpitanjia_2

Mnaongea yote hayo lakini akibalehe je? Wangu ana miaka 16 anauza simu za watu.

#14 Kipanga74

Mpitanjia mkuu, fungua uzi wako. Huo ni moto mwingine.

#15 MamaWatatu

Nimerudi. Wiki mbili zimeisha, na daftari ninalo. Naandika kama lilivyo.

Matukio matano. Jumatatu, kalamu mbili za rangi, zilipoishia sijui. Jumatano, chenji kwenye pochi, nikakuta alinunua vipira vidogo vya kudunda, akarudi nyumbani hana hata kimoja. Ijumaa hakuna kitu. Jumanne iliyofuata, stika za mtoto wa darasa lao. Jumatano, kifutio cha umbo la gari. Alhamisi, kifutio kingine.

Mwalimu wake nilimwomba aangalie mapumziko bila kumwambia mtoto. Akaniambia hivi: kuna kundi la wavulana sita wanaocheza mpira nyuma ya darasa. Wangu anasimama pembeni. Siku ambazo ana kitu mkononi anakigawa, anaingizwa kucheza. Siku hana kitu, hachaguliwi, anazunguka peke yake mpaka kengele. Ijumaa ile ambayo sikukuta kitu, yule anayepanga timu hakuja shule, na mwanangu alicheza bure.

Nilikaa jikoni nikalia. Mtoto analipa kiingilio.

Halafu nikakumbuka kwamba muhula uliopita, yale yalipoanza, ndipo rafiki yake mmoja tu alihamishwa shule. Sikuwahi kuunganisha.

#16 Dadazuu

Ya Rabi. Kumbe nilikosea, si wewe anayekukosa.

#17 MwlChaki

Hukukosea Dadazuu, ulikuwa unamwona wako.

MamaWatatu, sasa tunaweza kuongea. Ungemchapa kila siku, kesho yake saa ya mapumziko bado angekuwa amesimama pembeni. Fimbo yako iko jioni, mbali. Kuachwa kuko pale pale, kila siku, mbele ya watu. Kwa mtoto wa miaka 8 hesabu hiyo si ngumu.

Kuna kazi tatu. Usianze na ya tatu ukaruka mbili.

Ya kwanza ni sheria moja ya nyumbani, isemwe mara moja, kwa watoto wote watatu ili asijione kalengwa: *kitu kisicho chetu hakilali hapa*. Awe ameokota, kapewa, kaazima, yote mamoja. Kila jioni mabegi yanafunguliwa mezani, la dada, la mdogo, lake. Kikionekana kigeni hakuna kuuliza kimetoka wapi. Kinaingia kwenye bahasha, asubuhi kinarudi. Unaona uzuri wake? "Nimeokota" haimsaidii tena, kwa hiyo hana sababu ya kuisema. Na wewe huna haja ya kuwa askari wa upelelezi. Kuna gharama: siku moja atapewa zawadi ya kweli na utairudisha. Mwambie mapema kwamba hilo litatokea, na kwamba zawadi ya kweli mzazi wa mwenzake ataithibitisha kwa simu.

Ya pili ni kurudisha. Siku inayofuata, asubuhi, kabla wenzake hawajaingia, mezani kwa mwalimu, wewe au baba yake mkiwa naye. Sentensi moja: "Nimerudisha, si yangu." Basi. Asiombe msamaha mbele ya darasa. Kile ambacho hakipo tena alipe kwa kilicho chake au kwa kazi ya nyumbani iliyo nje ya zamu yake, kazi ya dakika ishirini au nusu saa, si mwezi mzima. Ikiisha imeisha, usiirudie chakulani.

Namna ya kulianzisha, nimewaambia wazazi maneno haya au yanayofanana nayo: "Najua kalamu ya mwenzako iko kwenye begi. Sikuulizi. Kesho tunairudisha pamoja. Sasa hivi nataka kujua jambo jingine: mapumziko yakoje siku hizi?" Sema ukiwa unafanya kitu, unakunja nguo, unaosha vyombo, usimkazie macho. Akikana, usishindane. "Sawa. Kalamu inarudi kesho." Unyamaze. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu.

Ya tatu ni kiwanja, na hapo bila mwalimu hutafika. Anahitaji njia ya kuingia kwenye mchezo ambayo haitoki kwenye begi la mtu. Muombe mwalimu ampe kazi ya kutunza mpira wa darasa: aubebe, aupeleke, aurudishe. Na umwalike mmoja wa wale sita nyumbani, mmoja tu, si wote, wacheze saa mbili. Katika kundi la sita ukishapata mmoja anayekutaka, umeingia.

#18 Fimbo_Fupi

Samahani mwalimu, hapo umenipoteza. Mtoto anaiba, tunampa mpira awe kiongozi? Wenzake wasioiba wanapata nini?

#19 MwlChaki

Swali halali, na hata walimu wenzangu hunibishia hapo. Sitakuambia halina ubishi. Kinachonisaidia ni kutenganisha muda: kazi ya mpira isitolewe siku ya tukio, isitajwe pamoja na wizi, na iwe ya zamu, wapokezane wawili au watatu. Ikiwa yeye peke yake kapewa, siku mbili tu baada ya kukamatwa, basi maneno yako yamesimama.

#20 Mtu_wa_Paredi

Sijawahi kuandika hapa. Nina miaka 41.

Nilikuwa darasa la nne. Nilichukua kompasi ya mwenzangu. Mwalimu wa zamu akanisimamisha mstarini asubuhi, shule nzima, karatasi shingoni imeandikwa MIMI NI MWIZI. Nakumbuka ile kamba ilikuwa ya katani na ilinikuna shingo. Sikumbuki kabisa uso wa mwenye kompasi. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie. Sikuwahi kumfikiria yeye, kwamba siku ile alikosa somo kwa sababu yangu. Niliwaza mimi, shingo yangu, nani anacheka.

Na baada ya hapo niliiba zaidi. Jina nilikuwa nalo tayari, na kila kitu kikipotea walikuja kwangu, hata siku ambazo sikugusa. Kuna siku nilikubali nimechukua hela ambazo sikuchukua ili tu waniache nikae. Nilikuja kuacha nikiwa mkubwa, na fimbo haikuhusika.

MamaWatatu, ulisema ulimwita mwizi mbele ya ndugu zake. Ukiweza, rudi ulifute, mbele yao hao hao.

#21 MamaWatatu

Kaka, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Nitalifanya leo.

#22 Kipanga74

Fimbo_Fupi umekaa kimya.

#23 Fimbo_Fupi

Nasoma.

#24 MamaWatatu

Wiki ya tatu. Naleta yote, pamoja na aibu zangu.

Nililifuta lile neno. Nikawakusanya nikasema, "Siku ile nilimwita ndugu yenu mwizi. Alikosea kuchukua kalamu, na mimi nilikosea kumpa jina hilo. Hapa ndani hatuitani hivyo." Binti yangu mkubwa akauliza, "Kwa hiyo hajaiba?" Nikajibu kalamu aliichukua na imerudi. Yeye mwenyewe hakusema kitu, alikuwa anachokonoa kucha.

Mabegi mezani tulianza Jumatatu. Wiki ya kwanza kilionekana kitu mara tatu, tukarudisha mara tatu. Mara ya kwanza alining'ang'ania "nimepewa, wallahi nimepewa", nikasema sawa, kesho kinarudi. Akanitazama kama ananingoja niendelee. Sikuendelea. Akasema kwa sauti ya chini, "Hutaniuliza tena?" Nikamwambia hapana. Akaenda kulala bila kuambiwa, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Wiki ya pili ikawa mbaya kuliko zote. Vitu vimekata, lile kundi likamwambia bila kitu hachezi. Alirudi analia, na kesho yake chenji zikapotea kwenye pochi ya bibi yake. Hapo nilipandisha. Nikamuuliza mara moja, mbili, nikamshika bega. Akakubali. Akakubali na nyingine ya wiki iliyopita. Jioni baba yake akanipigia, ile ya wiki iliyopita aliichukua yeye, alilipia usafiri.

Mwanangu alikiri kitu ambacho hakukifanya. Kama yule kaka alivyosema. Nilikosa pa kuficha uso.

#25 MwlChaki

Umejionea mwenyewe. Ukimbana mtoto mpaka akubali, unapata neno "ndiyo", na neno hilo halikuambii kilichotokea. Atasema chochote kinachomaliza kikao. Ndiyo maana sipendi kabisa kukiri kulikotokana na kubanwa, hata mtoto akiwa kweli kachukua.

Nenda ukamwombe radhi kwa ile ambayo si yake, tu. Ya bibi airudishe.

Wiki ya pili kuwa mbaya nilipaswa kukuonya mapema, lawama hiyo ni yangu. Ukikata kiingilio kabla njia nyingine haijafunguka, mtoto anabaki nje kabisa na atajaribu zaidi kwa muda. Mpira umeshafika mikononi mwake?

#26 MamaWatatu

Mwalimu alikuwa hajaanza. Ameanza jana, wako watatu kwa zamu.

#27 HojaTu

Na pochi za watu wazima ziondoke mezani wakati huu jamani. Si kwamba tunamshuku, ni kumpunguzia majaribu. Mtu anayeacha sigara haachiwi pakiti mbele yake.

#28 MwlChaki

Hapo HojaTu nakuunga mkono moja kwa moja.

#29 Dadazuu

Mwalimu, swali. Ni lini tunasema hapa ni hospitali sasa, si mambo ya nyumbani?

#30 MwlChaki

Mimi huangalia kama wizi umekuja peke yake au umekuja na wenzake. Mtoto anayechukua vitu *na pia* anaumiza wenzake au wanyama kwa makusudi, anachoma vitu, anatoroka, na hali hiyo ikaendelea miezi, huyo simngojei. Vilevile aliyebadilika ghafla kabisa, halali, anajikojolea wakati alishaacha, au ana hela ambazo hakuna nyumba iliyopotelewa. Hiyo ya mwisho isikilizwe haraka, kwa sababu pengine hakuchukua, kuna mtu mkubwa anampa na kumwambia anyamaze. Na kuna mtoto ambaye mkubwa wake shuleni anamtisha alete. Huyo kwenye daftari utaona wizi wa siku maalumu, na kabla yake hofu ya kwenda shule. Ndiyo maana naomba daftari kwanza.

#31 Shangazi_K

Mimi bado nasema kufuli.

#32 MamaWatatu

Wiki ya sita, nimeahidi kurudi.

Kutoka mara tatu kwa wiki tumefika mara moja katika wiki mbili na nusu. Haijakoma. Yule mmoja wa kundi alikuja nyumbani mara mbili, wa pili akaja mwenyewe bila kualikwa. Mwalimu anasema siku za zamu ya mpira anachaguliwa, siku zisizo zake mara nyingine bado hachaguliwi, ila sasa wanakaa wawili pembeni, si peke yake.

Jumanne kabla sijafungua mabegi akaja jikoni, akasimama mlangoni. "Mama, leo kuna kitu kwenye begi langu." Ilikuwa saa ya mkononi ya mtoto mwingine, ya plastiki. Moyo ulinipasuka lakini nikaendelea kuosha vyombo. Nikasema, "Asante kuniambia. Kesho itarudi." Akauliza tunaweza kwenda mapema zaidi ili mwenyewe asilie. Hilo la mwenyewe kulia sikumfundisha mimi.

Kuna mawili sijayamaliza. Mama wa yule wa kalamu ananikwepa, sijui nimfuate nimweleze au nitakuwa nimemtangaza mtoto. Na baba yake anasema akirudia mara moja zaidi, fimbo inarudi. Tumebishana usiku kucha.

#33 MwlChaki

La mama mwenzako sina jibu moja. Nimewaona waliokwenda wakapata rafiki, na waliokwenda jioni hiyo hiyo habari ikawa kwenye kundi la simu la wazazi. Unamfahamu wewe.

La baba yake, mpe daftari alisome mwenyewe. Lote, na ile chenji ya usafiri imo.

#34 Fimbo_Fupi

MamaWatatu, nikuombe kitu. Zile safu za daftari ulizichora vipi? Tupia hapa. Nina mjukuu.